Hela ya Chumvi

Pale Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida, watu wanamjua Zefania kwa sauti ya mashine yake kuliko kwa sauti yake mwenyewe. Mashine ikinguruma, watu husema, "Zefania yupo." Ikinyamaza, hawasemi kitu, wala haji mtu kugonga kuuliza kama anaumwa au ameshakwenda mbele ya haki. Ni mashine ya kukamua alizeti, imefungwa kwenye banda la bati kando ya barabara. Nyuma ya banda kuna chumba chenye kitanda, jiko la mkaa na viti viwili. Kiti cha pili alikinunua mwaka aliooa. Mkewe alikwenda Tabora kumuuguza mama yake. Mama alipona, mke hakurudi, na kiti kikabaki kuwa mahali pa kuwekea shati.

Ukimuuliza ana ndugu, atakwambia ni mtoto wa reli. Baba yake alikuwa kibarua wa gangi pale Manyoni, mtu wa kuja, na hakueleza alikotoka kabla ya kufa. Mama alimfuata baba mapema mno. Kwa hiyo Zefania alikua bila shangazi wa kumsema wala mjomba wa kumkopa, na anayedhani hiyo ni raha hajawahi kula Krismasi peke yake.

Lakini kuna msimu ambao alikuwa mtu mwingine kabisa. Alizeti ilipokauka shambani na wakulima wa Iramba kuanza kupiga vichwa vya maua kwa fimbo, Zefania alipanda pikipiki yake akaenda Misigiri na vijiji vya jirani kununua mbegu. Huko alikuwa na akina baba, akina mama na wajomba kila kona. Alianza kwa shikamoo kwenye mlango wa kwanza na kumaliza kwa kuwaitikia watoto marahaba kwenye mlango wa mwisho. Alikula ugali hapa, akanywa uji pale, akasikiliza habari za ng'ombe aliyepotea na binti aliyechumbiwa. Alizeti ilipakiwa mwishoni, kama jambo la kupitia tu. Majirani wa Mwankoko waliomwona akirudi walisema amenenepa.

Kuhusu malipo alikuwa na adabu yake. Mama yake, enzi za uhai wake, hakuwahi kumwambia aliyemsaidia kulima, "Haya malipo yako." Alisema, "Chukua ya chumvi." Zefania alirithi neno hilo, na kwa kuwa hakurithi kingine, alilitunza. Akishatuma pesa kwa simu aliandika: *Shikamoo baba. Chumvi yako nimeituma.* Naye mzee alijibu, au aliwaomba wajukuu wamjibie: *Marahaba mwanangu. Chumvi imefika, Mungu akuzidishie.* Wakati mwingine Zefania aliusoma ujumbe kama huo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kujua kwamba pesa imefika.

Chumvi hiyo ndiyo iliyomponza.

Mkaguzi wa kodi aliyemwita ofisini mjini Singida aliitwa Calist, kijana mpole mwenye miwani, ambaye alimwamkia kabla ya kumkaribisha kiti. Zefania alimpenda kwa hilo, na aliendelea kumpenda kwa dakika chache.

"Mzee wangu, mauzo yako hayana shida," Calist alisema. "Mafuta umetoa risiti za mashine, mashudu umetoa risiti, pesa naziona zimeingia benki. Umeme una risiti. Lakini manunuzi ya alizeti, ambayo ndiyo matumizi yako makubwa kuliko yote, hayana karatasi hata moja. Kwa hiyo nimeyaondoa."

"Umeyaondoa ukayapeleka wapi?"

"Nimeyaondoa kwenye hesabu. Maana yake kodi inakokotolewa kana kwamba hiyo alizeti uliiokota."

"Alizeti haiokotwi, mwanangu."

"Najua. Mafuta hayatoki hewani. Lakini natakiwa kujua ulinunua kwa nani na ulimlipa kiasi gani. Mkulima mdogo simdai risiti ya mashine. Ni wewe mnunuzi uliyetakiwa kuandika hati ya manunuzi: jina lake, kijiji, simu, kilo, bei, na sahihi ya aliyepokea. Hati ziko wapi?"

Hati hazikuwako, na zilikuwa na sababu ya kutokuwako. Miaka ya nyuma Zefania aliwahi kununua kitabu cha hati kama hizo, kizuri, chenye karatasi ya kaboni. Alikwenda nacho hadi kwa mzee Urbano wa Misigiri, akampa pesa, kisha akamsogezea kitabu na kalamu. Mzee Urbano aliitazama kalamu kama mtu aliyewekewa mfupa kwenye sahani. "Nimekuibia?" aliuliza. "Maana anayeandikishwa ni mwizi au askari wa mgambo." Watu wa nyumba ile wakacheka, lakini uji haukuletwa siku hiyo. Zefania alirudisha kitabu kwenye begi na hakukitoa tena. Alipima: kitabu na uji haviwezi kukaa nyumba moja. Akachagua uji. Mwenye njaa ya watu huchagua hivyo, na mimi simlaumu, ingawa sheria haina kifungu cha uji.

Basi akatoa simu yake, akamwonyesha Calist ujumbe wa msimu mzima. Calist aliusoma kwa utulivu, akiteremsha kioo kwa kidole.

"Mzee," alisema mwishowe, "wewe unauza mafuta au chumvi?"

"Ndiyo malipo hayo."

"Hapa sioni alizeti. Sioni kilo. Naona shikamoo baba, shikamoo mama, chumvi nimetuma. Hii ni pesa ambayo mtoto anawatumia wazazi wake. Ni jambo jema sana, lakini ni matumizi binafsi. Matumizi binafsi hayapunguzi kodi ya biashara."

Makadirio ya kodi yakatolewa. Kiasi chenyewe kilizidi kila alichokuwa nacho Zefania, isipokuwa mashine. Na mashine ikiuzwa, pale Mwankoko hakuna atakayejua tena kama Zefania yupo. Hilo ndilo alilolifikiria barabarani akirudi, wala si umaskini. Umaskini wanaujua wote. Kunyamaza kwa banda lile angekujua yeye peke yake.

Mtu wa mashine ya kusaga alimwelekeza kwa Loyce, mshauri wa kodi mwenye ofisi ndogo karibu na soko, mama mnene anayevaa sweta hata jua likiwaka, na ambaye huwakemea wateja wake kama watoto waliotumwa chumvi wakarudi na sukari. Alisoma barua ya makadirio mpaka mwisho, akauliza imepokelewa lini.

"Wiki iliyopita."

"Afadhali. Pingamizi lina siku thelathini tangu ulipopokea barua. Wengine huja hapa wameikalia barua mpaka imeota mizizi." Alieleza kwamba kwa kawaida anayepinga hutanguliza theluthi ya kodi, au ile sehemu asiyoibishia kama ndiyo kubwa zaidi, asiyeweza humwomba Kamishna apunguze, na atoe sababu. "Tutaomba wapunguze. Sasa, jiko halisimami kwa figa moja, nataka mafiga matatu. La kwanza, taarifa ya benki: nataka kuona umetoa pesa siku gani kabla ya kwenda kununua. La pili, taarifa ya miamala ya simu yenye muhuri wa kampuni, tuioanishe na huo ujumbe wako wa ajabu. La tatu, watu wenyewe waseme."

"Na lori? Philipo alinibebea mizigo yote, hakunipa risiti."

"Philipo ana biashara iliyosajiliwa. Alitakiwa akupe risiti ya mashine, na wewe ulitakiwa uidai palepale. Hiyo tuiache. Ukidai kila kitu hata usichoweza kukitetea, hata vile vya kweli vinaonekana vya uongo."

Kazi ikaanza. Walikaa mezani, Loyce na rula yake, Zefania na kumbukumbu yake. Mstari wa benki ulionyesha pesa imetoka tawi la Singida. Siku hiyohiyo au kesho yake simu ilionyesha pesa imekwenda kwa watu wa Misigiri. Ujumbe ulisema chumvi. Siku chache baadaye mauzo ya mafuta yalipanda. Loyce alipima hata kiasi cha mbegu kinachoweza kutoa mafuta yale, akakiona kinakubaliana. Palikuwa na mikunjo pia. Pesa ya mzee Abraham ilionekana kwenda kwa mwanamke aitwaye Jesca.

"Huyu Jesca ni nani?" Loyce aliuliza kwa jicho la upande.

"Binti yake Abraham. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake."

"Sawa. Aje aseme hivyo, na binti aseme hivyo."

Ndipo Loyce akachapa mfano wa maelezo ya shahidi. Ulikuwa mfupi: jina langu fulani, mkazi wa mahali fulani; mwaka huo nilimuuzia Zefania alizeti kiasi hiki kwa bei hii; nilipokea malipo kwa simu namba hii; neno "chumvi" katika ujumbe wetu lilimaanisha malipo ya alizeti. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: *Sina undugu naye. Uhusiano wetu ni wa biashara tu.*

Zefania aliusoma mstari huo, akaurudia.

"Huu wa mwisho ni lazima?"

"Kununua kwa ndugu si kosa, mzee. Lakini ujumbe wako unasomeka kama wa mtoto na wazazi wake. Kila shahidi lazima aseme yeye ni nani wako. Kama ni ndugu, aseme ndugu. Kama si ndugu, aseme si ndugu. Ni ndugu zako?"

"Si ndugu."

"Basi shida iko wapi?"

Zefania alikunja karatasi zile, akashukuru, akatoka.

Alikwenda Misigiri nje ya msimu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mashamba yalikuwa matupu, mabua yamelala, na upepo wa huko haukuwa na kitu cha kutikisa. Watu walimshangaa. Alikuwa amezoea kuja na magunia matupu na pesa. Sasa amekuja na karatasi na kidau cha wino. Aliwaeleza shida yake mmoja mmoja, na lazima niseme ukweli wao: hakuna aliyemkataa. Mzee Abraham alisikiliza, akasema, "Wewe si ulinilipa? Ulinilipa. Lete kalamu." Akasaini bila kuhema. Jesca naye akasaini kuhusu laini.

Zefania akajikuta anasema, "Baba, umesoma mpaka chini?"

"Nimesoma. Sina undugu naye, biashara tu. Si kweli?"

"Kweli."

"Basi." Na mzee akarudi kwenye kazi yake ya kusuka kamba. Uji haukuletwa. Haikuwa dharau, haukuwa msimu wa uji tu.

Kwa mzee Urbano alikwenda kwa woga, akikumbuka ile kalamu. Lakini Urbano safari hii aliichukua mwenyewe. "Siku ile nilikataa kuandikishwa kwa sababu nilidhani unatushuku," alisema. "Kumbe serikali ndiyo inayokushuku wewe. Hilo ni jambo jingine." Akasaini kwa herufi kubwa, akapuliza wino. Kisha akamshika bega. "Wewe ni mnunuzi mzuri, Zefania. Hupunji kwenye mizani. Wanunuzi kama wewe ni wachache."

Alikuwa anamsifu. Zefania alijua anasifiwa. Lakini kuna sifa zinazomvua mtu shati, na hiyo ilikuwa mojawapo. Miaka yote alikuwa akimwita baba mtu ambaye moyoni alikuwa na mnunuzi. Alizunguka nyumba baada ya nyumba, akikusanya karatasi za watu walioandika kwa mikono yao kwamba yeye si chochote kwao, na kila karatasi iliyoongezeka ilimwokoa na kumuumiza kwa pamoja. Mtendaji wa kijiji, Christopher, aliwatambua wote, akagonga mihuri yake kwa furaha. "Una watu wengi, mzee," alisema, akizipanga. Zefania alizipokea, akazitia kwenye begi.

Alikuwa amebakiza mmoja. Marietha, mjane wa upande wa mlimani, ambaye ndiye aliyekuwa na alizeti nyingi kuliko wote, kwa sababu shamba aliloachiwa na mumewe lilikuwa kubwa na vijana wake wote wamehamia Kahama kwenye machimbo. Pesa iliyokwenda kwake peke yake ilikuwa fungu la kutisha kwenye jedwali la Loyce. Zefania alimweka mwisho bila kujiambia kwa nini.

Marietha alimwona akija na pikipiki akiwa bado mbali, akaingia ndani. Zefania alipofika mlangoni, jiko lilikuwa limewashwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Alikaa. Akaletewa uji wa uwele kwenye kibuyu kilekile cha siku zote, nje ya msimu. Alikunywa wote kabla ya kusema shida yake. Marietha alisikiliza akichambua kunde kwenye ungo, hakumkatiza.

"Kwa hiyo wanasema hujanunua."

"Wanasema sina ushahidi."

"Kwangu hukununua," Marietha alisema.

Zefania akaweka kibuyu chini. "Mama, gunia zote zile?"

"Gunia nilikupa. Wewe ukanipa chumvi. Nani alitaja bei? Uliwahi kuniuliza bei? Ulichukua, ukaenda, ukanitumia, na mimi sikuhesabu. Watoto niliowazaa wako Kahama, hawajui kama paa linavuja. Wewe ndiye uliyepanda juu ukaweka bati. Mtu huyo ndiye nimuuzie?"

Ilikuwa kweli. Kwa wengine bei ilitajwa, hata kama ilitajwa kwa aibu. Kwa Marietha hakuna aliyewahi kuitaja. Yeye Zefania ndiye aliyepima moyoni kwamba anatuma bei ya soko na zaidi kidogo, na kuihesabu kuwa manunuzi. Mama hakuwa na habari ya manunuzi yoyote.

"Sasa unataka nini kwenye hiyo karatasi?" Marietha aliuliza.

"Mama, hujui kusoma. Ni lazima nikusomee kwanza, halafu Christopher aje akusomee tena, ndipo uweke dole."

"Christopher wa nini? Niletee huo wino. Wewe huwezi kuniandikia ubaya." Akafuta kidole gumba kwenye khanga, akakinyoosha, tayari.

Hapo ndipo penyewe. Kidau cha wino kilikuwa mfukoni mwa shati. Dole moja, na fungu la kutisha linarudi kwenye hesabu. Christopher angegonga muhuri, anamfahamu mama tangu utoto. Angesoma upesiupesi, na mama angeitikia chochote alichoambiwa na Zefania aitikie. Hakuna ambaye angejua. Tena haukuwa uongo mkubwa: alizeti ilitoka, pesa iliingia, mafuta yaliuzwa.

Alifungua karatasi, akaanza kumsomea. Jina langu Marietha, mkazi wa Misigiri. Marietha akaitikia. Mwaka huo nilimuuzia Zefania. Marietha akaguna, lakini akaacha ipite. Akasoma namba ya simu, akasoma chumvi. Akafika kwenye mstari wa mwisho. Akasoma neno "sina". Hapo akaishia.

"Sina nini?" Marietha aliuliza, kidole bado kimenyooka.

"Basi mama. Karatasi yenyewe imekosewa." Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Utakuja na nyingine?"

"Nitakuja msimu."

"Njoo hata kabla ya msimu. Mtu haji kwake kwa msimu." Akarudi kwenye kunde zake.

Loyce alimkaripia, kama ilivyotarajiwa. "Mzee, huyu ndiye mkubwa kuliko wote! Angesema tu kwamba alikuuzia."

"Hakuniuzia."

"Alizeti yake si ulikamua?"

"Niliikamua. Lakini yeye anasema alinipa, na chumvi nilimpa. Nikiandika vingine nitakuwa nimemwekea maneno mdomoni."

Loyce alivua miwani. Ni mama mkali, lakini si mama wa kughushi. Alisema, "Basi kwa huyu hatuna kitu. Tunabaki na muamala unaosomeka kama hela ya matumizi. Tusiposema chochote, watauliza."

"Wakiuliza nitajibu."

Pingamizi lilikuwa limeshapelekwa ndani ya muda, na ombi la kupunguziwa malipo ya kutanguliza lilikubaliwa kwa sehemu. Zefania aliuza pikipiki kulipia sehemu iliyobaki. Ushahidi ukafuata kwenye faili nene. Pingamizi halisikilizwi na aliyekagua, kwa hiyo siku ya kuitwa hakumkuta Calist, alimkuta ofisa wa makamo aitwaye Evodia, mwanamke asiye na haraka, aliyeoanisha kila karatasi na nyenzake kwa kalamu nyekundu. Alitaka kuhakikisha mashahidi ni watu kweli. Akapiga simu akiwa ameweka spika.

"Mzee Abraham? Unamfahamu Zefania wa Mwankoko?"

"Namfahamu. Hununua alizeti kwangu."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana. Ni mnunuzi."

Akapiga kwa mzee Urbano. Ni mnunuzi. Akapiga kwa mwingine, na mwingine. Mnunuzi. Mnunuzi tu. Tunajuana kwa alizeti. Loyce, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa anang'aa kwa furaha na kumkanyaga Zefania mguu kila jibu zuri lilipotoka. Zefania aliitazama ile simu mezani, ikitoa sauti za watu anaowapenda, zikimtetea vizuri kabisa. Alitamani izimike.

Evodia akafunua ukurasa. "Hapa kuna fungu kubwa limekwenda kwa Marietha, Misigiri. Kwa wengine wote mmeleta maelezo. Kwake hakuna. Huyu ni nani?"

Loyce alifungua mdomo. Zefania akamtangulia.

"Ni mama yangu."

"Mama mzazi?"

"Mama."

Evodia alimtazama juu ya faili. "Hujaorodhesha ndugu yeyote popote, mzee. Nikimpigia atasema hivyo?"

"Mpigie."

Akapiga. Simu iliita sana, kisha ikapokelewa na kelele za kuku.

"Mama, unamfahamu Zefania wa Mwankoko?"

"Kwani amefanya nini?" Marietha alifoka, kwa sauti ya kutaka ugomvi. "Nyie watu mnamsumbua mno mwanangu. Amekonda. Mwambieni aje ale."

 Evodia aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, kama alimuuzia alizeti. Akajibiwa kwamba hakumuuzia. Na zile pesa alizomtumia je? "Ya chumvi," Marietha alisema. "Mtoto hamtumii mama yake ya chumvi?" Kisha akakata, maana alidhani anatozwa pesa ya simu.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa, na Loyce alimwita ofisini auone. Manunuzi kutoka kwa wakulima wenye maelezo yalikubaliwa, kwa kuwa benki, simu na mashahidi vilioana. Usafiri wa lori ulikataliwa kwa kukosa risiti. Kodi ilishuka hadi kiasi ambacho mtu anaweza kukibeba kwa awamu bila kuuza mashine, ingawa angekibeba kwa muda mrefu, tena kwa miguu, maana pikipiki ndiyo hiyo ilikwishakwenda.

"Tumeshinda, mzee," Loyce alisema. "Isipokuwa huu mstari mmoja. Huu umekuumiza. Pole sana."

Zefania aliomba aonyeshwe huo mstari. Ulikuwa ukurasa wa tatu, kwenye jedwali, katikati ya majina. *Marietha, Misigiri. Malipo kwa mama wa mlipakodi. Matumizi binafsi. Yamekataliwa.* Chini kulikuwa na muhuri wa serikali.

Aliufuata kwa kidole, neno kwa neno. Loyce alidhani anahesabu hasara, akaanza kumweleza kuhusu kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufani za Kodi.

"Hapana," Zefania alisema. "Huu waliuandika vizuri. Nitolee nakala."

"Ya barua yote?"

"Ya ukurasa huu tu."

Loyce akautia kwenye mashine ya nakala. Karatasi ilitoka ikiwa bado na joto, Zefania akaikunja polepole asivunje mstari wa Marietha, akaiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. Zile karatasi za mashahidi, zilizokubaliwa, alimwachia Loyce kwenye faili.